Kipimo cha Novemba Hakikuona ya Desemba

Sisi akina mama wa Mwika tunaujua mwezi wa Desemba. Kuanzia tarehe 20 hivi magari hupanda mlima yakitoka Dar es Salaam, Arusha na Mirerani, na waume zetu wanaofanya kazi mbali hurudi kula sikukuu na watoto. Nyumba zilizokuwa kimya mwaka mzima hujaa vicheko. Mwezi wa Januari ukianza, hushuka tena, nasi tunabaki na migomba, ng'ombe na watoto.

Mwenzetu mmoja katika jumuiya yetu alikuwa mjamzito sikukuu moja ya namna hiyo. Ameturuhusu tuyasimulie yaliyompata, bila jina lake, ili mama mwingine asiponzwe na kosa ambalo sisi sote tungeweza kulifanya.

Alianza kliniki mapema, katikati ya Novemba, mimba ikiwa na miezi mitatu na nusu. Nesi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo kidogo kinachoonyesha virusi vya UKIMWI na kaswende kwa pamoja. Majibu yote mawili yalikuwa safi, yakaandikwa kwenye kadi. Alirudi nyumbani akiwa ameridhika, na tangu siku hiyo aliona suala la kupimwa limekwisha.

Mume wake alifika tarehe 22 Desemba, akaondoka baada ya Mwaka Mpya. Januari yote mama huyu hakuona lolote. Kidonda cha kwanza cha kaswende hutokea wiki tatu hivi baada ya kuambukizwa, lakini hakiumi wala hakiwashi, na kwa mwanamke mara nyingi kiko ndani, mahali asipoweza kukiona. Baada ya wiki chache hupona chenyewe. Ugonjwa haujaondoka, umeingia kwenye damu.

Mwanzoni mwa Machi, mimba ikiwa na miezi saba, alitokwa na vipele kwenye viganja na nyayo. Havikuwasha. Mama mkwe alisema ni sabuni, na sisi wenzake tuliona ni joto la mimba. Siku ya kliniki alimwonyesha nesi mikono, nesi akamwuliza, "Mama, baba wa nyumbani alikuja sikukuu?" Akampima tena, na safari hii mstari wa kaswende ukatokea. Hospitali walipima kiasi cha ugonjwa katika damu, wakapata 1 kwa 32. Damu huongezwa maji mara mbili, mara nne, mara nane na kuendelea, na yake ilijibu hata ilipopunguzwa nguvu mara 32. Hicho ni kiwango cha juu.

Kiwango cha juu ndicho cha hatari kwa mtoto. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Tanzania, mkoani Mwanza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Kati ya wajawazito 73 wenye kaswende ya kiwango cha juu ambao hawakutibiwa, 18 walijifungua mtoto mfu. Kati ya 233 wasio na ugonjwa, ni 3 tu. Vijidudu hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Wengine hufa kabla ya kuzaliwa, wengine huzaliwa kabla ya wakati au wakiwa wagonjwa. Tuliposikia hesabu hiyo tulikaa kimya. Baadhi yetu tuliwahi kuzika watoto ambao hawakulia, na hakuna aliyeuliza damu yetu.

Lakini uchunguzi ule ule wa Mwanza ulileta habari njema pia. Wajawazito wenye kiwango cha juu walipochomwa sindano moja ya benzathini penisilini, yuniti milioni 2.4, hatari yao ilishuka ikawa sawa na ya mama asiye na kaswende. Mwenzetu alichomwa sindano hiyo siku ile ile, nusu takoni kulia na nusu kushoto. Ilimuuma. Nesi alimwonya kwamba usiku anaweza kupata homa na maumivu ya mwili vijidudu vinapokufa, na kwamba tumbo likibana au mtoto akipunguza kucheza arudi mara moja. Alimwambia pia kwamba sindano inapaswa kutangulia kujifungua kwa siku 30 au zaidi ili imtibu mtoto vya kutosha. Yeye alikuwa na miezi miwili mbele yake. Angesubiri mpaka uchungu, angekuwa amechelewa.

Ilibaki sehemu ngumu. Sindano haimpi mtu kinga. Mama aliyepona akikutana na mume asiyetibiwa huambukizwa upya, na mtoto pamoja naye. Nesi alimpa barua ya kumwita mume, naye akapiga simu Dar es Salaam. Mume alikasirika, akasema yeye haumwi kitu. Wiki tatu baadaye akaja Pasaka bila kutibiwa.

Mwenzetu alimkaribisha kwa heshima. Alimpa maji ya kuoga na chakula, kisha akasema, "Baba, nakuheshimu. Lakini kitanda chako usiku huu ni kile cha chumba cha watoto, mpaka twende zahanati. Mtoto huyu ni wako." Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi waliteremka pamoja.

Damu ya mume ilionyesha kaswende. Kwa kuwa hakuna aliyejua ameishi nayo muda gani, aliandikiwa sindano tatu, moja kila wiki. Ya kwanza alichomwa hapa, nyingine mbili huko kazini, na aliambiwa amlete kwenye tiba kila aliyekutana naye. Neno hilo lilimuumiza mwenzetu kuliko sindano. Hatutadai kwamba limekwisha kati yao. Tunajua tu kwamba sindano tatu zilikamilika, na kwamba hawakukutana mpaka zilipokamilika.

Mtoto wa kike alizaliwa Mei, akalia. Alichunguzwa mwili na damu, akapangiwa kurudi kupimwa tena. Mwezi wa Septemba damu ya mama ilikuwa imeshuka mpaka 1 kwa 8. Kushuka mara nne namna hiyo ndiko kunakoonyesha kwamba dawa imefanya kazi. Kile kipimo cha kidole hakiwezi kusema hivyo, kwa maana mstari wake waweza kubaki maisha yote hata baada ya kupona. Kwa hiyo ametunza kadi yenye tarehe ya sindano na vile viwango viwili. Mimba nyingine ikija, ataionyesha kabla mtu hajashtuka, na kabla ugomvi mpya haujaingia nyumbani bure.

Tukamwuliza nesi kama kipimo kile huona pia kisonono na klamidia. Alisema hakioni. Hayo hukaa kwenye njia ya uzazi, mara nyingi bila dalili, na mtoto akipita huweza kupata ugonjwa wa macho. Mwenye uchafu usio wa kawaida, harufu au maumivu chini ya tumbo aseme mwenyewe kliniki. Nayo pia hutibiwa kwa wawili.

Sasa katika jumuiya yetu, mjamzito ambaye mumewe alikuja sikukuu hapumziki na majibu ya Novemba. Humwomba nesi ampime tena miezi ya mwisho, mapema kiasi cha kubakiza siku 30. Na Desemba, tunapoandaa nyama na mbege, wengine wetu tumeanza kuwaambia waume zetu kwenye simu: upitie kupima kabla ya kupanda gari.