Viti Huhama, Kuta Hazihami

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku Morogoro alikuja na orodha ya meza mpya. Shule inajenga madarasa mawili, na mimi ndiye ninayechora ramani. "Siku ya hadithi nataka watoto wakae duara," akasema, "siku nyingine makundi. Nimechoka kuwaona wakitazamana visogo."

"Mwalimu," nikamwambia, "meza tutazizungumza mwisho. Tuanze na madirisha."

Ule mpangilio wa zamani, wa wote kutazama ubao, ulikuwa na sababu yake. Madirisha makubwa yaliwekwa mkono wa kushoto, ili mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia asijikinge mwanga kwa mkono wake mwenyewe. Sasa geuza nusu ya darasa: hao wanaandikia kwenye kivuli chao. Ukitaka watoto wakae watakavyo, mwanga uingie pande zote mbili.

Chumba chetu ni mita 9 kwa 7. Kwa makadirio ya kawaida, mwanga wa dirisha hufaa hadi umbali wa mara mbili ya kimo cha juu cha dirisha kutoka sakafuni. Kimo kikiwa mita 2.4, mwanga unafika karibu mita 5. Dirisha la upande mmja tu lingeacha mita 2 za giza upande wa pili. Yakiwa pande mbili, mwanga unakutana katikati. Kuhakikisha ni rahisi: keti mahali pa dawati utazame nje. Usipoona hata kipande cha anga, basi hapo mwanga haujafika vizuri.

Ubishi ukaja kwenye uelekeo. Kamati ilitaka madarasa yatazame barabara, yaani magharibi. Ni kweli yangependeza kwa mpita njia. Lakini jua la saa kumi liko chini, linapita chini ya kingo ya paa na kumpiga mtoto usoni. Atafanyaje? Atafunga dirisha, na chumba kizima kitaingia giza. Madirisha yakitazama kaskazini na kusini, jua la mchana linakuwa juu sana, na paa lililotokeza kama mita moja linatosha kulizuia. Tukasimama kiwanjani jioni ile na jua likanisaidia kuongea. Jengo likageuzwa ubavu kwa barabara.

Kisha sauti. Makundi saba yakizungumza kwa pamoja, kila kundi linapaza sauti ili lijisikie, na hapo kelele hupanda yenyewe. Kinachoamua ni muda ambao sauti hubaki chumbani kabla ya kufa. Huo hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba kwa 0.16, kisha kugawanya kwa eneo linalomeza sauti. Kwa dari ya mita 3, ujazo wetu ni mita za ujazo 189. Plasta, saruji na jipsamu iliyolainishwa humeza kidogo mno. Watoto 45 na madirisha wazi ndio humeza zaidi. Jumla nilipata kama mita 28 za mraba, yaani sauti inakaa zaidi ya sekunde moja. Darasa linataka karibu 0.6. Dari ya softibodi inatufikisha hapo, mradi fundi asiipake rangi nzito ikaziba vitundu vyake.

Na kuna ukuta wa kati. Huku kwetu mara nyingi huishia usawa wa linta, juu yake pakabaki wazi hadi kwenye bati. Nilisoma darasa la namna hiyo. Nikiwa la tatu nilijua majedwali ya la nne kwa kuyasikia tu. Ukuta huu lazima ufike hadi chini ya bati, maana dari nyepesi peke yake haiwezi kuizuia sauti ya jirani.

Tulipojumlisha, pesa zilitosha ama dari ya softibodi kwa vyumba vyote viwili, ama meza mpya. Mwalimu alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu akafuta meza. Madawati ya zamani ya watoto watatu yapo. Ukiyakutanisha mawili mbao kwa mbao unapata kundi la sita. Kwa watoto 45 unapata makundi saba na dawati moja la ziada, ambalo anaweza kulisogeza karibu na kundi lolote.

Mvua kubwa kwenye bati bado itamshinda msomaji wa hadithi. Softibodi itaipunguza kidogo tu, haitainyamazisha. Hilo nilimwambia waziwazi. "Basi siku ya mvua watachora," akajibu.

Nawe ukiingia darasa lolote tupu, piga kofi moja usikilize. Likiacha mkia wa mlio, anayeketi nyuma anakosa miisho ya maneno. Na katika Kiswahili, unajua mwenyewe, "msome" na "msomi" hutofautiana mwishoni tu.