Mshahara wa fundi asiye na mwajiri

Kwa miaka kadhaa sisi wawili, mume na mke, tumekuwa tukishona hapa Manyovu, kwenye milima ya wilaya ya Buhigwe, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Hatuna mwajiri. Anayetulipa ni yule anayesukuma mlango akiwa na kitambaa mkononi. Ilikuwa desturi yetu kula vizuri wiki ya Idi, kisha wiki sita baadaye kwenda dukani kukopa unga. Tulidhani tatizo letu ni uchache wa kazi. Daftari lilituonesha jambo jingine.

Mwaka 2025 tuliandika kila shilingi iliyoingia na kila iliyotoka. Mwisho wa mwaka, baada ya kutoa gharama za uzi, pango na umeme, tulibakiwa na 3,540,000. Ukigawa kwa miezi 12 ni 295,000 kwa mwezi. Lakini hakuna hata mwezi mmoja uliotupa kiasi hicho. Januari, shule zikifunguliwa, tulipata 520,000. Februari tulipata 140,000. Machi, iliyoishia na Idi ya Fitri, ilileta 610,000, na Aprili ikashuka hadi 120,000. Juni na Julai zilipanda kwa sababu ya Idi kubwa, harusi na wakulima kuuza mazao yao. Oktoba na Novemba, mvua ikianza na fedha zote zikiwa zimekwenda kwenye mbegu na jembe, tulipata 150,000 na 130,000.

Hapo tulielewa kwamba fedha ya Machi si ya Machi. Sehemu yake ni ya Aprili, ila imewahi kufika. Tukakubaliana tujilipe mshahara wa 250,000 kila mwezi, mwezi uwe mnono au mkavu. Kinachozidi kinakwenda kwenye laini ya pili ya simu, ambayo namba yake ya siri anaijua mama wa nyumba peke yake. Mwezi ukipungua, laini hiyo inajazia. Tulichagua 250,000 badala ya 295,000 kwa makusudi. Ile 45,000 inayobaki kila mwezi hufika 540,000 kwa mwaka, nayo ndiyo inayonunua mota ya cherehani ikiungua au kumtibu mtoto.

Tahadhari moja ni lazima tuitaje. Utaratibu huu unaanzwa katika mwezi wa mavuno. Ukiuanza Januari kwa hesabu zetu, unaweka 270,000, na Februari inachukua 110,000 tu kati ya hizo. Ukiuanza Oktoba, unapungukiwa 100,000 mara moja, na Novemba 120,000 nyingine, nawe huna akiba yoyote. Tuliwahi kuuanza wakati kama huo, ukavunjika ndani ya wiki tano, tukadhani sisi ni wabadhirifu.

Baada ya hapo tuligeukia bei. Kanzu tulishona kwa 10,000 kwa kuwa jirani naye alishona kwa 10,000. Hatukuwa tumewahi kujiuliza kama jirani aliipata bei hiyo kwa hesabu au kwa kututazama sisi.

Tulianza kwa kuhesabu saa. Fundi hukaa dukani kutwa, lakini saa zinazolipwa ni chache: nyingine huenda kwenye kupatana bei, kufuata vifungo sokoni na kusubiri umeme urudi. Kwetu sisi wawili zilifika takriban 160 kwa mwezi. Gharama za duka, yaani pango, umeme, sindano, mafuta na uchakavu wa cherehani, ni 80,000, sawa na 500 kwa kila saa. Tukitaka kubakiwa na 300,000, kila saa ituletee 1,875 zaidi. Jumla ni 2,375, tukaifanya 2,400.

Kanzu moja, kuanzia kupima hadi kupiga pasi, hutuchukua saa 4, na uzi, vifungo na kitambaa cha kukaza kola ni 2,000. Saa 4 kwa 2,400 ni 9,600. Ongeza 2,000, inakuwa 11,600. Kwa hiyo kila kanzu ya 10,000 tulikuwa tukimwongezea mteja 1,600 kutoka mfukoni mwetu bila yeye kujua. Upande wa pili, kubadili zipu ya suruali, kazi tuliyokuwa tukiidharau, hulipwa 2,000, zipu na uzi ni 500, na humalizika kwa nusu saa. Hiyo ni 3,000 kwa saa.

Tulipandisha kanzu hadi 12,000, na tukatangaza wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Kumbana mteja usiku wa kuamkia Idi, akiwa hana pa kwenda, hatukuona kuwa ni haki. Baadhi ya wateja walituacha. Tuliobaki nao walitosha kujaza saa zetu, na hicho ndicho kipimo tunachokitumia: wakiondoka wengi hata cherehani ikakaa bure, bei imezidi, asipoondoka hata mmoja, huenda bado iko chini.

Mteja hulipa nusu kabla hatujakata kitambaa, na tunaandika vipimo, bei na siku ya kuchukua. Fedha hiyo hununua vifaa vya nguo yake kwanza. Fundi anayenunua uzi wa mteja wa jana kwa malipo ya mteja wa leo tayari anazama, hata kama duka lake limejaa watu. Tunalijua hilo kwa kuwa tulizama.

Tulitafuta pia mlango wa pili wa riziki, na wa kwanza tuliojaribu ulikuwa kuuza vitenge. Ulitushinda, kwani vitenge viliuzika miezi ileile ambayo ushonaji nao ulikuwa juu, na vikalala rafuni Oktoba. Mlango unaofunguka na kufungwa pamoja na ule wa kwanza hauwezi kukuokoa. Tunavyoona sasa, swali la kuuliza ni moja tu: je, kitu hiki kitaniletea fedha katika mwezi wangu mbaya kuliko yote? Ukarabati wa nguo ulijibu ndiyo, kwa sababu mwenye shida hashoni mpya, hutengeneza ya zamani. Tukaweka meza ya zipu, pindo na viraka siku za soko. Mafunzo nayo yalijibu ndiyo: tunapokea wanafunzi wawili Februari na wawili Oktoba, wakati ambao cherehani zina nafasi.

Liko jambo moja ambalo bado linatufanya tukae na kalamu usiku. Shule hufunguliwa Januari kila mwaka, lakini Idi hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Kufikia 2031 itaangukia karibu na tarehe 24 Januari. Misimu yetu miwili mikubwa itakuwa mmoja: sare na kanzu zitagombea mikono minne ileile, na tutakachoshindwa kukishona hakitalipwa. Kisha Machi, iliyokuwa nguzo yetu, haitakuwa tena na Idi ya Fitri.

Ndiyo sababu mwaka huu tumeziomba shule mbili zituruhusu kupima watoto Novemba na kushona sare Desemba. Moja imekubali. Ya pili tutairudia baada ya mavuno.