Swali la Mia Tatu na Ishirini

Usiku wa kuamkia pepa ya fiziolojia, mimi na mwenzangu wa chumba tuliacha kusoma desa tukaanza kuulizana. Zamu yangu ikafika.

"Mgonjwa ana nimonia. Nusu ya damu yake inapita kwenye vifuko vya hewa vilivyojaa usaha, haipati hewa hata kidogo. Ukimpa oksijeni tupu, itakuwaje?"

"Rahisi, mwanangu. Pafu zima litafidia. Damu ya upande mzima inatoka na presha ya oksijeni kama 600, ya upande mbovu ina 40. Wastani 320. Amepona huyo!"

"Presha haichanganywi hivyo. Changanya kiasi cha oksijeni. Kila mililita 100 za damu zikipita upande mzima, kwa hewa ya kawaida, zinabeba ngapi?"

"Kama mililita 20."

"Na za upande mbovu?"

"Zinabaki kama zilivyotoka kwenye mishipa ya vena. 15."

"Zikikutana?"

"17.5."

"Sasa mpe oksijeni tupu."

Alinyamaza, akashika kalamu. "Himoglobini ya upande mzima ilishakaribia kujaa. Kwa hiyo kinachoongezeka ni ile inayoyeyuka kwenye maji ya damu, kama mililita 2. Inakuwa 22. Na upande mbovu..."

"Oksijeni inafika kule?"

"Haifiki! Bado 15. Wastani 18.5. We, presha imepanda mara sita, damu imeongeza mililita moja tu?"

"Ndiyo. Na hiyo 18.5 ukiisoma kwenye mchoro wa himoglobini, presha inaangukia karibu 60, siyo 320."

Akageuza kibao. "Haya, na pumu je? Mbona wao wakipewa oksijeni wanapanda vizuri?"

"Kwa sababu njia zao za hewa zimebana, hazijaziba kabisa. Hewa kidogo inaingia. Ukiifanya hiyo kidogo iwe oksijeni tupu, taratibu inajaza vifuko, na damu inayopita pale inaipata."

"Kwa hiyo oksijeni yenyewe ni kipimo. Ikipandisha vizuri, hewa ilikuwa inafika ila haitoshi. Ikigoma, kuna damu inayopita bila kukutana na hewa kabisa."

Pale nikajua pepa haitamsumbua. Lakini alikuwa na la mwisho.

"Pafu moja tu ndilo bovu, la kulia. Mgonjwa mtu mzima. Utamlaza ubavu gani?"

"Wa kulia, ili lile zima lipumue kwa nafasi?"

"Damu inashuka wapi, kaka?"

"Chini."

"Basi mlaze ubavu wa kushoto. Damu nyingi ishukie kwenye pafu zima, ikutane na hewa. Ukimlalisha kulia, unaipeleka damu mahali ambapo hakuna kitu."