Fatuma Mmoja, Nyota Nne

Wengi wetu katika chama hiki tuna majina zaidi ya moja, ingawa tunajibu kwa lile lile. Kuna jina la kwenye pasipoti, kuna jina analotuitia bibi kwenye simu, na kwa waliopita chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kuna jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu ndani ya jalada la juzuu. Kwa kawaida tofauti hizo hazitusumbui. Fatuma ni Fatuma, hata kama ofisi moja imeandika Fatma na nyingine Fatima. Zinaanza kutusumbua siku mtu anapotaka kuligeuza jina kuwa hesabu.

Hesabu tunayoizungumzia ni ile ya abjadi, ambayo waalimu wa falaki wa pwani yetu huitumia kutafuta nyota ya mtu. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Mpangilio wake si ule tuliofundishwa chuoni, wa alifu, be, te. Ni wa zamani zaidi, wa alifu, be, jimu, dali. Herufi tisa za kwanza huhesabiwa moja moja, kuanzia 1 hadi 9. Tisa zinazofuata ni makumi, 10 hadi 90. Tisa nyingine ni mamia, 100 hadi 900, na herufi ya ishirini na nane, ghaini, ni 1000. Mwalimu hujumlisha herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, kisha hutoa kumi na mbili kumi na mbili. Kinachobaki ndicho nyota: 1 ni Punda, 2 ni Ng'ombe, 3 ni Mapacha, na kuendelea hadi Samaki, ambaye ni wa 12, au pale isipobaki kitu. Njia hii imo katika kitabu kinachohusishwa na Abu Maashari, mnajimu wa karne ya 9, ambacho waalimu wengi wa pwani wanakijua. Mbona mama na si baba? Wazee husema mama ndiye asiye na shaka.

Wapo masheikh wengi wanaosema kuwa jambo hili halifai katika dini, na hatutaki kuamua ugomvi huo hapa. Swali letu ni dogo na ni la lugha: mwalimu anahesabu nini hasa? Hahesabu sauti. Anahesabu kilichoandikwa. Irabu za juu na chini ya herufi hazihesabiwi, na shada haiongezi kitu. Mfano tunaoujua sote ni 786, inayoandikwa madukani na kwenye magari badala ya bismillahi. Jumla hiyo inapatikana kwa sababu maandishi yaliyozoeleka yameacha alifu ya neno "ismi", na pia hayaweki alifu kwenye "Rahmani" ijapokuwa irabu yake inavutwa. Mtu akiandika alifu hizo mbili, bila kubadilisha matamshi hata kidogo, atapata 788.

Kwa Kiarabu, angalau, maandishi ya maneno kama hayo yamekwisha kukubaliwa. Majina yetu hayana bahati hiyo. Mengi yalitoka Arabuni, yakakaa pwani mpaka yakapata sauti ya Kiswahili, na sasa mwandishi ana njia mbili: ayarudishe kwenye maandishi ya asili, au aandike anachokisikia. Mwaka huu jambo hili lilimgusa mwenzetu mmoja, na kwa ruhusa yake tunaeleza hesabu bila majina halisi. Tuseme bibi harusi ni Fatuma binti Asha, na bwana ni Ali mwana wa Zainabu.

Upande wa Ali hauna utata. Ali ni aini 70, lamu 30 na ye 10, jumla 110. Zainabu ni ze 7, ye 10, nuni 50 na be 2, jumla 69. Zote pamoja ni 179. Ukitoa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 11. Hiyo ni Ndoo, na Ndoo ni nyota ya upepo. Ni vigumu kupata jibu jingine.

Sasa Fatuma. Mwalimu wa kwao alimrudisha kwenye Fatima wa Kiarabu: fe 80, alifu 1, twa 9, mimu 40, na te marbuta ya mwisho, ambayo wengi huihesabu kama he, yaani 5. Jumla 135. Asha akamrudisha kwenye Aisha: aini 70, alifu 1, kisha hamza iliyokalia kiti cha ye, shini 300, na tena te marbuta 5. Kila kitu kilitegemea ile hamza. Mwalimu huyu alifuata kiti, akaihesabu ye, 10. Aisha akawa 386, na jumla ya wawili 521. Ilibaki 5, Simba, nyota ya moto. Moto na upepo hupatana, kwa hiyo nyumbani kwa bibi harusi walifurahi.

Mwalimu wa upande wa pili alifundishwa kwamba hamza ni alifu popote inapokaa, yaani 1. Kwake Aisha ni 377, jumla 512, na kinachobaki ni 8. Hiyo ni Nge, nyota ya maji. Jibu likarudi kwamba nyota hazipatani, na posa ikasimama wiki kadhaa. Mwenzetu alikuwa huku ng'ambo na mitihani yake, akisikia kwa simu kwamba kuna "jambo la nyota" bila mtu kumweleza ni jambo gani.

Aliyelifungua fundo ni bibi yake. Hakuuliza nyota imetoka wapi, aliuliza, "Mwalimu, Asha umemwandikaje?" Mwalimu akamsomea herufi moja moja kwenye simu, na bibi akafananisha na karatasi ya mwalimu wa kwao. Zilikuwa zile zile zote. Tofauti ilikuwa 9 tu, yaani ye iliyogeuka alifu. Yule mwalimu hakukubali kuwa amekosea, na kwa kweli hakukosea: alifuata kanuni ya mwalimu wake. Alisema tu kwamba kila mtu ana kitabu chake. Lakini wazee walipoona kwamba "maji" na "moto" vimetoka kwenye karatasi zinazofanana, hawakuona tena sababu ya kuizuia posa kwa ajili ya hamza.

Sisi tuliendelea na hesabu baada ya mkutano wa chama, maana tulitaka kujua itafika wapi. Wapo wanaosema hamza haihesabiwi kabisa. Hapo Aisha ni 376, jumla 511, inabaki 7: Mizani, nyota ya upepo. Kisha tukaandika kama tunavyotamka, tukimpa kila irabu herufi yake. Fatuma akawa fe 80, alifu 1, te nyepesi 400, wau 6, mimu 40, alifu 1, jumla 528. Asha akawa alifu 1, shini 300, alifu 1, jumla 302. Wote wawili ni 830, na kinabaki 2: Ng'ombe, nyota ya udongo. Moto, maji, upepo, udongo. Binti mmoja na mama mmoja wamepita kwenye nyota zote nne, na hakuna aliyejumlisha vibaya.

Kitu kingine tulichokigundua kilitushangaza zaidi. Ukimwandika Fatuma kwa twa ya Kiarabu na wau ya Kiswahili, bila herufi ya mwisho, unapata 80, 9, 6 na 40. Jumla ni 135, sawasawa na Fatima. Alifu na he zilizotoka ni 1 na 5, na wau iliyoingia ni 6. Kwa hiyo jumla kufanana si ushahidi kwamba watu wameandika jina namna moja. Ukitaka kujua mwalimu amefanya nini, namba ya mwisho haikutoshi. Inabidi uone herufi.

Majina yasiyotoka Arabuni yana shida yao, kwa sababu baadhi ya sauti zake hazina herufi kwenye abjadi. Mchukue Chausiku. Siku hizi "ch" huandikwa kwa jimu yenye nukta tatu, na wanaohesabu huipa thamani ya jimu, 3. Zinazobaki, yaani alifu, wau, sini, ye, kafu na wau, ni 103, kwa hiyo jina peke yake ni 106. Lakini katika mwandiko wa zamani wa Kiswahili, shini ilitumika pia kwa "ch". Ukimwandika hivyo ni 403. Bila kumtia mama, wa kwanza anabakisha 10, Mbuzi, na wa pili 7, Mizani. Aliyeamua nyota ya Chausiku ni mtu aliyechagua namna ya kuandika "ch", pengine vizazi kadhaa kabla hajazaliwa.

Huku ng'ambo tunakutana na hesabu nyingine, ile ya vitabu vinavyohusishwa na Pisagora, ambapo A ni 1, B ni 2 hadi I ni 9, kisha J inaanza tena na 1. Pisagora mwenyewe alikuwa Mgiriki. Herufi hizi 26 hakuzijua. Kwa njia hiyo Fatuma ni 17, na 1 na 7 hufanya 8. Fatma ni 14, yaani 5. Fatima ni 23, nayo ni 5. Fatema ni 19, kisha 10, kisha 1. Hapa anayeshika kalamu ni karani wa uhamiaji.

Kwa hiyo mtu akikuambia namba ya jina lako, kabla ya kuuliza maana yake muulize mambo manne. Ameandika kwa herufi gani, za Kiarabu au za Kilatini? Amerudisha jina kwenye asili yake, au ameandika matamshi? Hamza na te marbuta amezihesabu vipi? Na jedwali lake ni la mashariki au la Maghribi, maana huko Maghribi shini si 300 bali ni 1000? Kisha mwombe akusomee herufi, moja baada ya nyingine. Kujumlisha ni kazi ya dakika moja. Nyota huwa imekwisha chaguliwa wakati jina linaandikwa.