Majaribio 52, alama 11

Leo nina hasira, tena na sisi wenyewe. Kazi ya kikundi ilikuwa kupima apu ndogo inayopokea alama za mtihani na kuandika amefaulu au amefeli. Kufaulu ni kuanzia 40. Tukaandika majaribio 52, yote yakapita, tukashangilia. Kwenye kipengele cha kubuni majaribio, chenye alama 30, tukaambulia 11.

Nikamfuata mwalimu na mwongozo wa kusahihishia mkononi. Akanionyesha mstari tuliouruka wote: wingi hauna alama, kila jaribio liwe na sababu yake. Sisi tuliingiza 55, 60, 63, 71... yaani swali lile lile mara hamsini! Akasema, "Haya, ingiza 40." Apu ikaandika amefeli. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe ndani kulikuwa na hii:

```
if (alama > 40)
```

Ilitakiwa `>=`. Kikundi jirani walikuwa na majaribio 9 tu: 39, 40, 41, halafu 0, 100, -1, 101, herufi, na kuacha wazi. Kila moja waliliandikia jibu wanalolitegemea kabla ya kuliendesha. Wakapata 27.

Ila mwongozo nao una tundu. Alama 10 za mchango wa kila mtu zinatolewa kwa sahihi tu, na kwetu kuna jamaa alisaini bila kugusa kibodi. Tumepewa wiki moja kurudia. Yeye nimeshampa herufi na kuacha wazi.