Mwanzo na Mwisho wa Insha

Insha ya mtoto huharibika sana sehemu mbili: mwanzo na mwisho. Katikati mtoto anaeleza yale aliyoyaona, na huko hakosi maneno. Binti yangu wa mwaka wa sita aliandika juu ya maji kwetu Kikula. Alianza hivi:

“Katika insha hii nitaongea juu ya maji. Maji ni muhimu sana. Maji iko na faida mingi. Batoto banachota maji asubui, alafu banachelewa ku masomo.”

Kwanza tulihesabu: neno “maji” liko mara nne katika mistari miwili. Nikamwambia afute sentensi tatu za kwanza, kwani ile ya nne peke yake ndiyo yenye habari.

Pili tukatazama “alafu”. Neno hilo huandikwa “halafu”, na linaonyesha tu kwamba jambo moja limefuata lingine. Lakini hapa kuchota maji ndiko kunakoleta kuchelewa. Nilimfundisha kujiuliza, “Kwa nini?” Kama jibu liko katika sentensi iliyotangulia, aandike “kwa hiyo”.

Tatu ni lugha. “Batoto banachota” ikawa “watoto huchota”, “asubui” ikawa “asubuhi”, na “ku masomo” ikawa “shuleni”. Hata sentensi aliyoifuta tuliisahihisha, ajue: “maji yana faida nyingi”.

Hapo aliniuliza, “Mama, njo kusema Kiswahili yetu iko mubaya?” Nikamjibu hapana. Kile ni cha nyumbani na sokoni, na bibi yake hana kingine. Hiki ni cha karatasi. Anabadilisha kama anavyobadilisha nguo za nyumbani na za shule.

Mwanzo mpya ukawa huu: “Mtaani Kikula, watoto huchota maji kabla ya masomo. Kwa hiyo baadhi yao hufika shuleni wamechelewa na wamechoka. Insha hii inaeleza shida hiyo na namna ya kuipunguza.”

Mwisho wake ulikuwa: “Kwa kumalizia nimeongea juu ya maji. Maji ni muhimu sana. Asante kwa kunisikiliza.” Shukrani hiyo ni ya mtu anayehutubia, kwani msomaji hasikilizi. Na sentensi mbili za mbele zinarudia tu mwanzo. Mwisho mzuri unachukua jambo lililoelezwa na kuonyesha linakotufikisha. Akaandika: “Basi, ndoo ya alfajiri inamnyima mtoto somo la kwanza. Bomba likiwekwa karibu na nyumba, faida yake itaonekana kwanza darasani.”

Ukitaka kupima kazi ya mtoto wako, funika katikati ya insha, kisha usome mwanzo na mwisho tu. Kama zinasema jambo lile lile, mwisho bado haujaandikwa.

Na “batoto” wasifutwe kila mahali. Bibi akisema ndani ya insha, maneno yake yabaki kama alivyoyatamka, katikati ya alama za kunukuu.