Funga Zetu, Funga Zenu

Mume wangu ni Mwislamu wa Kasongo, kule Maniema. Mimi ni Mkatoliki wa Uvira. Tunaishi hapa Nyarugusu na watoto wetu watatu, lakini ndugu wengi walibaki Kongo. Kwa hiyo kila mwaka watoto wana salamu za sikukuu nne za kuandika: Idi mbili kwenda Kasongo, Noeli na Pasaka kwenda Uvira. Bonane ndiyo rahisi. Mwaka mpya hauna dini, basi salamu ile ile inakwenda pande zote mbili.

Hizo nne nyingine zinataka akili. Kwa wazee wetu, salamu ya mjukuu si salamu tu. Wanaisoma mara mbili mbili wajue mtoto analelewa wapi, msikitini au kanisani. Binti yetu wa kwanza anafunga na baba yake. Wa pili, mvulana, anaimba kwaya pamoja nami. Wa mwisho bado mdogo, anakwenda popote penye pilau.

Neno linalotusumbua kuliko yote ni dogo sana. Ramadhani ikiisha, Waislamu wanaombeana Mungu azipokee funga zao. Binti anaandika "Mungu azipokee funga zetu", na ni kweli, kwa sababu na yeye alishinda na njaa. Mvulana hakufunga. Yeye anaandika "funga zenu". Bado ni dua, bado ina heshima, lakini hajajiweka mahali asipokuwapo.

Mwaka mmoja shangazi yao aliliona neno hilo. Alipiga simu Idi haijaisha, akamuuliza mume wangu: "Mbona huyu mutoto anaandika 'zenu'? Yeye si wetu?" Mimi nilikuwa pale jikoni, mwiko mkononi, nasikiliza. Mume wangu akamjibu: "Yaya, hakufunga. Ulitaka akudanganye siku ya Idi?" Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema apewe huyo mtoto azungumze naye. Alimuuliza habari za masomo, akamuuliza pia kwaya wanaimba nini. Hakufurahi, ninajua. Lakini tangu siku ile anajua kwamba yanayotoka kwa watoto hawa ni ya kweli, na likija neno "zetu" kutoka kwa binti analishika kwa mikono miwili.

Upande wangu mambo ni hayo hayo. Siku ya Pasaka Wakristo wetu wanasalimiana "Kristo amefufuka", na anayesalimiwa anatakiwa kuitikia. Ile si salamu tupu, ni imani anayoikiri mtu. Mvulana anaiandika kwa koko yake bila shida. Binti haiandiki, naye hatumlazimishi. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Aliandika hivi: "Koko, Pasaka njema kwako na kwa wote mliokwenda kanisani leo. Mimi nimefunga, lakini nimemsaidia mama kupika. Nitakula jioni." Koko aliniambia kwa simu kwamba hapo kwenye jioni ndipo alipocheka, akaagiza nimwekee binti mnofu mzuri.

Hata njia ya kutuma inabadilisha maneno. Kwa simu, salamu ya Idi inangoja mwezi. Ukiituma mapema na mwezi usionekane, wenzako wanaamka kufunga siku ya thelathini huku wewe umekwisha kuwapongeza. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni mambo mengine. Karatasi ile haifungwi, inaweza kusomwa njiani, na inabeba habari za familia tu. Inaweza kukaa njiani wiki nyingi au miezi. Kwa hiyo humo watoto hawaandiki "kesho" wala "leo". Wanaandika "kwa Idi ya mwaka huu", ili hata ikifika imechelewa isionekane kichekesho.

Na zile picha za salamu zinazozunguka kwenye simu, zenye kitanda cha Mtoto Yesu au zenye mwezi na nyota, kwetu hazitumwi na mtoto. Aliyezitengeneza hakujua zinakwenda kwa nani, wala nani anazituma.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2030 itaanza siku moja hivi baada ya Noeli. Wiki hiyo hiyo watoto watakuwa na Noeli ya Uvira, Ramadhani njema ya Kasongo na Bonane ya wote. Wa mwisho atakuwa amekua, na atalazimika kuchagua kati ya "zetu" na "zenu". Pande zote mbili zinamngojea. Sisi wazazi tumekubaliana kwamba kalamu itabaki mkononi mwake.